Swali la Pili au la Nne

Hadithi fupi kuhusu meneja anayevutwa huku na mwombaji kazi aliyepigwa msasa, huku na mnyenyekevu mwenye kipaji kilichojificha, huwa imekwisha kabla haijaanza. Msomaji anamjua mshindi. Ameshaisikia katika Samweli wa Kwanza, sura ya 16, pale wana saba wa Yese wanapopitishwa mmoja mmoja, kuanzia Eliabu mwenye umbo la kifalme, na anayetakiwa yuko machungani na kondoo. Tofauti ni kwamba Samweli alikuwa na Mungu wa kumwambia yupi. Meneja wetu ana karatasi ya alama na penseli, na ni kwa vitu hivyo viwili hadithi inaweza kuokolewa.

Tuijenge hapa, tuone inavyofungwa. Duka la jumla la dawa mjini Morogoro linatafuta msimamizi wa stoo. Jopo lina watu wawili: Bi. Salma, ambaye ndiye meneja, na mfamasia. Maswali ni matano, yale yale kwa kila mwombaji, na kila moja lina alama 1 hadi 5. Waliobaki ni Deo, ambaye amewahi kusimamia stoo kubwa, na Tatu, aliyeingia kwenye stoo kwa kubeba makasha na kupanda hadi kushika leja.

Uamuzi wa kwanza wa kiufundi ni kazi yenyewe. Tukichagua kazi ambayo ulimi mzuri hauna faida yoyote, Deo amekufa tangu mwanzo. Msimamizi wa stoo ya jumla hashindi akihesabu maboksi tu. Anapigiwa simu na wenye maduka waliokosa mzigo, anajibu wakaguzi, anamweleza dereva kwa nini gari halitoki. Kwa hiyo ufasaha wa Deo ni sehemu ya kazi. Waandishi wengi hukimbilia kumchafua mwombaji wa aina yake: anapokea simu katikati ya usaili, anamkaripia mlinzi getini. Hapo meneja hana tena la kuchagua, na mvutano umekufa. Deo wetu hamkaripii mtu. Anaijua kazi.

Unyenyekevu wa Tatu una mtego wake. Mwaka 1920 mwanasaikolojia Mmarekani Edward Thorndike alichambua alama ambazo maofisa wa jeshi waliwapa askari walio chini yao, akaona kwamba alama za umbo, akili, uongozi na tabia zilifuatana kupita kiasi: mtu akipendeza kwa jambo moja, anapandishwa kwa yote. Tumezoea kuutumia ugunduzi huo dhidi ya suti na Kiingereza cha kunyooka. Lakini kuketi ukingoni mwa kiti, kuitikia “ndiyo, mama”, na viatu vilivyopigwa rangi juu ya nyufa navyo humpendeza mtu, hasa kama naye alianza chini. Mwandishi anayempa Tatu ushindi kwa sababu ya viatu vyake amefanya kosa lile lile la maofisa.

Basi kipaji kionekane vipi? Msimulizi akituambia “Bi. Salma aliona kitu machoni pa binti yule”, ametuomba tumwamini bila ushahidi. Uwezo wa kukua ni badiliko, na badiliko halionekani kwa kuangalia mara moja. Linahitaji nyakati mbili ndani ya chumba kile kile, na kati yake kitokee kitu cha kujifunza.

Swali la pili: umefika asubuhi, friji ya insulini inasoma nyuzi 11. Utafanya nini? Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Deo anajibu kama ipasavyo: anazihamishia kwenye friji nzima, anazitenga na kuziandika “zisitolewe”, anatazama kumbukumbu za joto kujua zilikaa hivyo muda gani, anatoa taarifa. Alama 5. Tatu anasema angezitupa zote, asije akamuua mtu. Mfamasia anashindwa kujizuia. “Hapana, binti. Insulini haifi kwa usiku mmoja wa nyuzi 11. Ingeganda ndiyo tungeitupa. Inatengwa, inaandikwa, inasubiri uamuzi.” Alama 2.

Swali la nne: mvua imevuja, makasha ya vidonge yamelowa. Tatu ananyamaza kidogo. “Nitayatenga. Siyatupi, siyauzi. Nayaandika, nasubiri mfamasia aseme.” Kisha anaongeza ambalo hakuambiwa na mtu: “Na nikiyafungua kuangalia, nafungua mbele ya shahidi. Makasha yaliyolowa ndiyo watu huibia, kwa sababu yanatarajiwa kupungua.” Alama 5. Deo, kwa swali hilo hilo, alijibu vizuri akapata 4.

Angalia mambo mawili yaliyotokea hapo. Tumemwona mtu akichukua kanuni kwenye friji na kuihamishia kwenye paa linalovuja, kisha akaichanganya na alichokijua mwenyewe kutoka kubeba makasha. Kipaji kimetendeka mbele yetu. Lakini kimetendeka kwa sababu taratibu zilivunjwa: usaili wa maswali sawa una thamani pale tu ambapo wote wanapewa kile kile, na Deo hakupewa somo lolote na mfamasia. Ushahidi bora wa Tatu umepatikana kwa njia isiyo ya haki. Hapo ndipo mvutano unapohama kutoka kwa waombaji na kuingia kwa meneja, mahali pake halisi.

Jioni Bi. Salma anajumlisha. Deo: 4, 5, 4, 4, 4, jumla 21. Tatu: 3, 2, 4, 5, 4, jumla 18. Hapa nisingemwandikia hata sentensi moja ya mawazo. Ningemwonyesha akiigeuza penseli na kuanza kufuta kwa kifutio cha nyuma. “Tulilivuruga lile la friji,” anamwambia mfamasia. “Ulimsaidia. Tuliondoe kwa wote wawili.” Sauti yake ni ya mtu mwenye haki. Anajumlisha upya: 16 kwa 16, na wakifungana, meneja ndiye anayeamua.

Msomaji makini atahesabu naye na kushtuka. Msaada wa mfamasia ulikuja baada ya jibu la Tatu kwa swali la pili. Jibu lile halikuguswa na mtu. Lililoguswa ni la nne. Haki ingeliondoa hilo, na jumla ingekuwa 17 kwa 13. Msimulizi wa nafsi ya tatu, aliyebaki karibu na Bi. Salma muda wote, hatakiwi kusema neno. Hesabu inatosha kutuonyesha mwanamke mwema anavyojidanganya, na inaonyesha vizuri kuliko maelezo ya moyo uliogawanyika.

Mwisho unahitaji mtu wa kuuliza. “Mama,” anasema mfamasia, “tulilivuruga la pili, au la nne?”

Wapo watakaokatia hapo na kuita huo mwisho wazi. Kwangu huo ni ukwepaji: tumesoma ili tuone mtu akiamua. Mimi ningemwacha Bi. Salma ajibu “La pili”, aandike jina la Tatu, atie sahihi. Msomaji atapenda matokeo na hataiamini njia iliyoyaleta. Angejibu “La nne”, hadithi ingesimama pia, ila ingekuwa hadithi ya mtu mnyoofu, na mtu mnyoofu ana kazi ndogo ya kufanya katika kurasa sita.

Kipande cha “miezi sita baadaye”, ambacho karibu kila rasimu ya aina hii huja nacho, kifutwe chote, Tatu awe ameng'ara au ameunguza stoo. Bi. Salma alipotia sahihi hakuyajua hayo, na kinachopimwa ni sahihi ile.