Zege Chini ya Blanketi

Magari mengi yanayopita Jinja kwenda Mbale huvuka Nile juu ya daraja jipya, lililofunguliwa Oktoba 2018. Kabla ya hapo yalipita juu ya bwawa la Nalubaale, la mwaka 1954. Msafiri darajani hutazama nyaya na ule mwanya wa mita 290 kati ya nguzo mbili. Mimi hutazama chini, pale nguzo zinapokita, kwa sababu zege nene ni kiumbe chenye homa, na kumuuguza ni kazi ya subira ambayo haionekani kazi ikishaisha.

Saruji ikikutana na maji hutoa joto. Kwenye sakafu ya nyumba joto hilo hutoroka usiku huohuo. Kwenye kitalu chenye unene wa mita mbili na nusu halina pa kutorokea: kiini hupanda siku mbili tatu mfululizo, ilhali ngozi ya nje inapoa kwa upepo wa usiku. Kiini kimetanuka, ngozi imesinyaa, na ngozi ya zege changa haiwezi kuvutwa sana. Hupasuka. Baadaye kitalu chote kinapopoa na kutaka kusinyaa, kile kilicho chini yake hukishikilia kisisinyae, na hapo huja ufa wa pili, ambao hupita kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Tuchukue kitalu cha mfano, mita 12 kwa 12 na unene wa mita 2.5, yaani mita za ujazo 360. Mhandisi mwenye haraka ataandika kilo 400 za saruji tupu kwa kila mita ya ujazo. Kwa makadirio ya mafundi, kila kilo 100 hupandisha joto kama nyuzi 12, kwa hiyo kilo 400 zitaongeza nyuzi 48. Zege likimwagwa likiwa na nyuzi 30, kiini kitafika karibu 78. Mipango mingi huweka ukomo wa 70, maana juu ya hapo kuna ugonjwa mwingine: chumvi fulani za saruji hushindwa kujijenga wakati wake, kisha hujijenga miaka ya baadaye, zege likiwa gumu tayari, na kulitanua toka ndani.

Dawa ya kwanza ni kupunguza kinachochoma. Mchanganyiko wa subira huwa na kilo 220 za saruji tupu na 140 za pozolana, yale majivu ya volkano yaliyosagwa, ambayo hutoa kama nusu ya joto la saruji. Ongezeko linashuka hadi nyuzi 35 hivi. Gharama yake ni muda: nguvu huja polepole, kwa hiyo sampuli huvunjwa siku ya 56 badala ya ile ya 28 tuliyoizoea. Hapa kuna mtego wa kwetu. Saruji nyingi ya mifuko inayouzwa Afrika Mashariki ina pozolana tayari. Mfuko ulioandikwa CEM IV/B una kati ya asilimia 36 na 55 ya vitu vya namna hiyo. Asiyesoma mfuko akaongeza nyingine juu yake, atapata zege la kitoto lisilokomaa.

Dawa ya pili ni kumwaga zege likiwa baridi, na hesabu yake inapendeza kwa sababu inaumbua mazoea. Watu hukimbilia kupoza maji, wakati uzito mkubwa uko kwenye kokoto na mchanga. Tuseme mawe haya ni kilo 1,850 yenye nyuzi 28, saruji na pozolana zina nyuzi 55 kwa kuwa zimetoka kiwandani juzi, na maji kilo 160 yana nyuzi 24. Mchanganyiko utatoka na nyuzi 30. Rundo la mawe haya likiezekwa kivuli na kunyunyiziwa maji likashuka nyuzi 3 tu, zege linashuka karibu 2. Saruji ikipumzishwa ghalani ikapoa nyuzi 10, unapata nyuzi 1 na kidogo. Zimebaki nyuzi 3 kufika 24, nazo hutolewa na kilo 20 za barafu, kwa kuwa kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto sawa na kupoza kilo moja ya maji kwa nyuzi 80. Barafu hiyo hupunguzwa kwenye hesabu ya maji, na maji yaliyoshika kwenye kokoto pia, la sivyo zege litalegea.

Kwa mita za ujazo 360 barafu hiyo ni tani 7.2. Jinja haishangai, mji wa ziwa ambako viwanda vya samaki vimezoea kupoza kwa barafu. Mbale iko chini ya Elgon, mbali na sangara. Mpango wa huko heri uegemee kivuli, saruji iliyolala ghalani, na kuanza kumwaga jioni, zege likamalizika kabla jua halijashika.

Tumeingia na 24, tukaongeza 35: kiini kitakuwa karibu 59. Salama kwa ukomo wa kilele. Lakini usiku wa Mbale ukishuka hadi 17 na uso wa zege ukiwa wazi, uso huo unaweza kubaki na nyuzi 30, na tofauti ya 29 inatosha kupasua. Kanuni ya zamani ni tofauti isizidi 20, na ni kanuni iliyotungwa kwa kokoto za kwarzi, ambazo hutanuka sana. Mwongozo wa Uingereza wa BS 8110 uliruhusu kama 28 kwa matale na 39 kwa mawe ya chokaa. Hivyo jiwe la machimbo ya karibu hubadilisha ukomo, na mtu makini hupima jiwe lake kabla ya kuazima namba.

Ndipo linapokuja jambo linalomshangaza kila mpita njia: katika nchi ya joto, zege linalochemka linafunikwa blanketi. Hatuupozi uso, tunaupasha, ili usiachwe nyuma na kiini. Mpishi wa matoke anayefunika chungu kwa majani ya mgomba angeelewa mara moja. Nailoni huja kwanza kuzuia unyevu, kisha mablanketi au povu gumu, kisha turubai juu kwa ajili ya mvua ya alasiri. Fomu za mbao hubaki pembeni, maana mbao nazo ni blanketi. Za chuma hupitisha joto. Kumwagilia maji ya mto juu ya zege moto, desturi ya sakafu za nyumba, hapa ni kulipiga kofi. Na nondo za nguzo zinazochomoza juu huvuta joto kama kijiko ndani ya kikombe cha chai, kwa hiyo mafundi wazuri huzifunga vitambaa miguuni, moja moja.

Kujua kama blanketi linatosha ni kazi ya vihisi joto vilivyofungwa kabla ya kumwaga: kimoja katikati ya kitalu, kimoja milimita 50 chini ya uso, kimoja ubavuni, kimoja kwenye kona, na kimoja hewani kivulini. Visiguse nondo. Kila mahali pa maana huwekwa viwili, kwani vibreta hukata waya bila kuomba radhi. Kona ndiyo ya kuogopwa, inapoteza joto pande tatu. Msomaji huandika kila saa. Tofauti ikifika 15, anaongeza tabaka la blanketi bila kusubiri idhini; ikifika 20, anaamsha wakubwa. Nimependa mipango inayoandika hivyo, jina la cheo na namba ya nyuzi kwenye mstari mmoja, kwa sababu kilele huangukia usiku wa pili au wa tatu, saa ambazo hakuna mhandisi eneo la kazi.

Wenye subira zaidi humwaga kwanza kitalu cha majaribio cha mita moja na nusu kila upande, wakakivika blanketi lilelile wiki mbili kabla. Kikichora mstari wa joto tofauti na hesabu, wanarekebisha hesabu kabla ya ile siku kubwa.

Kisha ni kungoja. Blanketi haliondolewi mpaka kiini kikaribie hewa ya usiku kwa nyuzi zisizozidi 20. Kwa usiku wa 17, kiini kishuke hadi 37. Kwa kasi ya nyuzi 2 kwa siku, kutoka 59 ni siku 11. Mkandarasi atauliza kila asubuhi, na fomu zake zinahitajika kwingine. Unene ukizidishwa mara mbili, kungoja huwa mara nne hivi. Siku ikifika, tabaka la juu hutolewa saa sita mchana, hewa ikiwa moto, la chini siku ya pili, na nailoni ya mwisho huanza kukunjwa katikati, kona zikiachwa hadi mwisho.