Mzaha Usiotengana na Bidhaa

Mwishoni mwa miaka ya 1980, watazamaji wa televisheni nchini Marekani walianza kumwona sungura wa rangi ya waridi, mwenye miwani ya jua na kandambili, akipiga ngoma kubwa na kukatiza matangazo yasiyomhusu. Tangazo la kahawa lilianza kwa upole, kama matangazo ya kahawa yanavyoanza siku zote, na mtazamaji akaanza kulizoea. Mara sungura anaingia, anavuruga utulivu wote, anapita na ngoma yake kama hajaona kitu. Kahawa yenyewe ilikuwa ya kubuni. Kilichouzwa kilikuwa betri ya Energizer, na ahadi yake ilikuwa moja tu: inaendelea kufanya kazi pale ambapo nyingine zimezima. Watu walicheka, wakamsimulia sungura huyo makazini na majumbani. Kisha, mwaka 1990, yakaandikwa matokeo ya kura ya maoni ya watazamaji: miongoni mwa waliolichagua tangazo hilo kuwa bora kuliko yote ya mwaka, takriban 40 kati ya kila 100 walisema ni tangazo la Duracell, yaani mshindani mwenyewe.

Kosa hilo linafundisha kuliko mafanikio mengi, kwa sababu watunzi wa tangazo hawakuwa wazembe. Mzaha wao ulikuwa na uhusiano na bidhaa: sungura asiyesimama ni picha halisi ya betri isiyoisha. Tatizo lilikuwa kwamba picha hiyo ilikuwa na mwenyewe tayari. Tangu mwaka 1973 Duracell ilikuwa ikionyesha kundi la sungura wa kuchezea wanaopiga ngoma, mmoja baada ya mwingine wakizima, hadi anabaki yule mwenye betri ya Duracell. Energizer ilikuja kama jibu la kejeli kwa tangazo hilo, na anayemkejeli mwenzake hana budi kumkumbusha msikilizaji anayekejeliwa. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya muda wa tangazo ilitumika kuijenga kahawa ya uongo ili kuivuruga kwake kuchekeshe. Mtazamaji aliondoka na sungura, ngoma na wazo la betri inayodumu, na akili yake ikavipeleka vyote mahali ilipokuwa imezoea kuvihifadhi. Mzaha unaohusu aina ya bidhaa tu, bila kuihusu bidhaa hii mahususi, humnufaisha yule ambaye jina lake linakuja kwanza kichwani. Baadaye sungura alichapwa kwenye pakiti za betri na kuwekwa kwenye maonyesho ya madukani, ili mnunuzi amkute palepale anaponyoosha mkono. Ilikuwa dawa nzuri, na ndiyo maana sungura huyo yu hai hadi leo. Lakini ilikuwa dawa ya kufunga uzi uliokatika tangu tangazo lilipotungwa.

Uzi huo ukifungwa mapema, kazi huwa nzuri ajabu. Katika miaka ya 1960 wakala wa matangazo wa Doyle Dane Bernbach wa New York alitengeneza tangazo la Volkswagen ambalo sehemu yake kubwa haina neno hata moja. Ni alfajiri yenye giza na theluji nzito. Mtu anawasha gari lake dogo, taa zinapenya weupe, na gari linatembea barabara ndefu ambayo hakuna aliyepita kabla yake. Linafika kwenye banda, mtu anashuka, na baada ya kitambo taa nyingine kubwa zinawaka: mtambo wa kusafisha theluji barabarani unatoka. Ndipo sauti inauliza kama umewahi kujiuliza dereva wa mtambo huo hufikaje kwenye mtambo wake. Hapo mtazamaji anatabasamu, na katika tabasamu hilohilo amekwisha kuelewa kila kitu. Injini ya gari hilo ilikuwa nyuma, uzito wake ukiyakandamiza magurudumu yanayovuta. Ilipozwa kwa hewa, kwa hiyo haikuwa na maji ya kuganda. Tangazo halikuyaeleza hayo kama fundi anavyoeleza. Liliuliza swali ambalo jibu lake ni gari lenyewe.

Jaribu kumsimulia mtu mwingine tangazo hilo bila kulitaja gari. Haiwezekani. Ukiliondoa, hakuna anayefika kwenye banda, hakuna swali, hakuna kicheko. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote katika ufundi huu: mzaha usimuliwe na mtu aliyeusikia jana, kisha tuone kama bidhaa imo ndani ya kisa au imeachwa mlangoni. Kipimo hicho kinaweza kufanywa kwa utaratibu. Tangazo huchanganywa na mengine kadhaa, watazamaji wakaenda zao, na siku ya pili wakaulizwa maswali mawili kwa mpangilio huu: uliona nini, na lilikuwa la nani? Swali la kwanza lazima litangulie, na jina lisitajwe na mwulizaji. Kama wengi wanakumbuka kisa na wachache wanakumbuka jina, pengo lililo kati ya idadi hizo mbili ndilo gharama ya mzaha. Mwenye kampuni akiliona pengo hilo huagiza jina lisemwe mara tatu badala ya moja, au nembo ikuzwe. Hilo husaidia kidogo tu, maana jina linakuwa bado nje ya kisa, ila sasa linapiga kelele. Kinachotakiwa ni kukirudia kisa chenyewe.

Tuchukue tangazo la redio la sekunde 30 la dawa ya mbu ya kuwasha, ile ya duara. Wazo linalokuja haraka ni mlevi anayegombana na mbu usiku. Mchekeshaji hodari atalifanya lichekeshe sana, na sekunde tano za mwisho msomaji atataja jina la dawa. Weka jina la neti mahali pake, au la sabuni, na mzaha haupotezi chochote; kwa hiyo dawa haina kazi humo. Sasa tafuta jambo moja la kweli kuhusu dawa hii, kwa mfano kwamba inawaka hadi kunakucha wakati nyingine huishia saa tisa za usiku. Katika mtaa wa nyumba zilizobanana, kuna mtu ambaye dawa yake huisha saa tisa, na kuanzia hapo anaua mbu kwa makofi, pa, pa, mpaka asubuhi. Majirani wamezoea kuamkia makofi hayo: kondakta wa daladala, mama wa vitumbua, mwalimu. Leo mtu huyo amenunua dawa mpya, na mtaa mzima umechelewa kazini. Watu wanakuja mlangoni kwake kwa hasira kumuuliza kulikoni jana usiku. Hapa kicheko hakiwezi kutokea mpaka dawa iwe imewaka hadi asubuhi. Bidhaa ndiyo iliyosababisha kisa, na anayekisimulia kesho ataitangaza ahadi yake bila kujua kwamba anatangaza. Kazi iliyobaki ni jina, nalo liwekwe kinywani mwa jirani mwenye hasira anayetaka kujua ni dawa gani hiyo, badala ya kuachiwa msomaji wa mwisho.

Wako waliokataa mzaha kabisa. Claude Hopkins, mmoja wa waasisi wa utunzi wa matangazo yanayopimwa kwa mauzo, alionya katika kitabu chake cha mwaka 1923 kwamba watu hawanunui kwa mchekeshaji. Kutumia pesa ni jambo la uzito, na anayeziomba awe na uzito. Siwezi kumpuuza, kwa sababu ana ushahidi upande wake. Mwaka 2009 mtafiti Martin Eisend alikusanya matokeo ya tafiti nyingi za miongo iliyopita na kuyapima kwa pamoja. Mzaha uliongeza usikivu na kuwafanya watu walipende tangazo, lakini ulipunguza imani yao kwa anayesema. Hata hivyo, nionavyo, hiyo ni sababu ya kuufunga mzaha kwenye jambo la kweli, si sababu ya kuuacha. Swali la dereva wa mtambo wa theluji halipunguzi imani, kwa kuwa anayecheka amejithibitishia mwenyewe. David Ogilvy, aliyekuwa upande wa Hopkins kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1983 kwamba takwimu mpya zimembadilisha na kwamba mzaha unaweza kuuza. Alionya pia kwamba waandishi wanaoweza kuufanya vizuri ni wachache sana. Katika hilo la mwisho hajakosea hata leo.

Pingamizi gumu zaidi linatoka kwingine. Mwaka 2007 Cadbury ilionyesha nchini Uingereza tangazo la sekunde 90 ambamo sokwe anapiga ngoma kwa hisia nzito, na chokoleti haionekani mpaka mwisho kabisa. Halina ahadi wala sababu ya kununua, na mwaka uliofuata lilipata tuzo ya juu kabisa huko Cannes. Kwa kipimo changu lingepaswa kuanguka. Lakini ukuta ulio nyuma ya sokwe ni wa zambarau, rangi ya karatasi ya chokoleti ile ile iliyokuwa ikiuzwa tangu mwaka 1905. Waingereza walilelewa na rangi hiyo, na hakuna aliyehitaji kuambiwa chokoleti ni nini wala inapatikana wapi. Kampuni ya namna hiyo inanunua furaha tu, ili jina la zamani lionekane jipya. Nakubali kwamba kwake mzaha unaweza kusimama peke yake. Hatari ni pale kampuni ya miaka miwili, yenye bidhaa ambayo watu bado hawajui inafanya nini, inapomwajiri mchekeshaji maarufu na kumwachia sekunde 30 zote. Mchekeshaji anakuja na sauti yake, nguo zake na misemo yake ambayo watu wanaijua tayari, na baada ya wiki mbili ndiye anayekumbukwa. Mwezi unaofuata atakuwa kwenye tangazo la rangi za nyumba, na msikilizaji hataona tofauti.

Liko pia suala la kurudiwa, ambalo mwandishi hulisahau anapousoma mzaha wake kwa mara ya kwanza mbele ya watu wanaocheka. Tangazo la redio linaweza kumfikia mtu yuleyule mara kumi na zaidi kwa wiki moja. Mara ya kwanza anacheka, mara ya tatu anatabasamu, mara ya saba anajua kila neno linalokuja. Mzaha uliotegemea mshangao peke yake unakuwa kero hapo, na kero hiyo imeshikamana na jina la kampuni ikiwa kwa bahati mbaya jina lilikumbukwa. Mzaha uliotokana na bidhaa huisha makali pia, lakini unabakiza habari: mara ya kumi, hakuna anayecheka tena kwa ajili ya majirani waliochelewa, ila kila mtu mtaani anajua kuna dawa inayowaka hadi asubuhi.