Swali Lenye Njia Mbili

Hivi karibuni, katika semina moja ya falsafa mjini Moshi, nilisikia karatasi ya hoja za majadiliano ikipigiwa makofi. Ilikuwa na maswali kumi na mawili, yamechapwa vizuri na kupangwa kwa namba za Kirumi. Matini ilikuwa sura ya tatu ya kitabu cha John Mbiti cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, ile sura ya wakati. Swali la kwanza liliuliza Mbiti ana maana gani anaposema Sasa na Zamani. Katikati kulikuwa na moja lililouliza kama wanasemina wanakubaliana naye. La mwisho liliuliza falsafa hii ina umuhimu gani kwa jamii ya leo. Mwezeshaji akasema hiyo ndiyo karatasi ya kuigwa. Vijana waliokuwa pale wataiiga kweli, na baadhi yao ni wa huku kwetu Machame, kwa hiyo sikuweza kunyamaza.

Karatasi ya semina ina namna ya kupimwa. Kipimo cha kwanza ni chepesi: ziba jina la mwandishi. Swali likiweza kuhamia kwa Plato, kwa Agustino au kwa Nyerere bila kubadilishwa neno, hilo halikutoka kwenye matini. Umuhimu kwa jamii ya leo unahama popote. "Unakubaliana naye?" linahama popote. Maswali ya namna hiyo yanaweza kuandikwa na mtu ambaye hakufungua kitabu, na mara nyingi ndivyo yanavyoandikwa.

Kipimo cha pili ni wingi. Maswali yawe matatu, upande mmoja wa karatasi, kwa mwandiko wa mkono. Anayeleta kumi na mawili hajachagua, na asiyechagua hajasoma. Lile gumu kuliko yote liwe la kwanza, wakati vichwa bado vina nguvu, wala si la mwisho, wakati watu wanatazama saa.

Nasema haya nikijua kwamba anayeandaa hajaielewa matini yote. Hakuna anayeielewa sura kama ile ndani ya juma moja, na semina haikuwekwa kwa ajili ya walioelewa kila kitu. Kinachotakiwa ni kujua uelewa wako umeishia wapi. Isome sura mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili shika penseli, uweke alama pembeni pale tu unapokwama, si pale panapokupendeza. Kisha, kwa kila alama, andika sentensi moja ya kwako mwenyewe inayosema: mpaka hapa namfuata hivi. Sentensi hiyo ikigoma kuandikika, ujue ulikwama mapema kuliko ulivyodhani, nawe rudi nyuma aya kwa aya mpaka iandikike. Ndipo swali linapoanzia.

Wadanganyifu hufanya kinyume: wanapaficha pale walipokwama. Yupo anayesoma aya ya kwanza na ya mwisho, akaruka katikati, nawe utamtambua kwa sababu maswali yake yote yanahusu kusudi na hitimisho. Yupo anayeishi kwa desa la mwaka uliopita, na utamkamata ukimwomba akuonyeshe ukurasa. Halafu yupo wa hatari zaidi, anayejaza pengo kwa jina kubwa. Akishindwa kuona Mbiti alivyofika kwenye hoja yake, anauliza Heidegger angesemaje. Ukumbi unatulia kwa heshima, na hakuna anayegundua kwamba mtu ameshindwa kitabu kimoja akakimbilia cha pili.

Lakini haya yote mtu makini huyaona mwenyewe baada ya muda. Lipo moja ambalo anayeanza halioni kamwe, nalo ndilo linalotenganisha karatasi njema na takataka. Swali jema la semina lina njia mbili ndani yake, na kila njia ina gharama yake imeandikwa. Padri mmoja aliyetufundisha falsafa alikuwa na namna yake ya kulionyesha hilo. Ulipomsomea swali lako, alijibu "Ndiyo", akanyamaza akikutazama. Kisha akajibu "Hapana", akanyamaza tena. Kama hukuwa na la kuongeza baada ya ndiyo wala baada ya hapana, alikurudishia karatasi bila alama. Hakueleza sababu, na hakuna aliyehitaji kuelezwa mara mbili.

Chukua hiyo hiyo sura ya Mbiti. Anasema kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati una zamani ndefu na una sasa, lakini wakati ujao karibu haupo. Kuunga mkono hoja hiyo anaweka jedwali la nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikuyu. Nyakati tatu zinaelekea mbele, na kwa hesabu yake zinafika kama miezi sita, wala hazivuki miaka miwili. Mpaka hapo msomaji wa kawaida anafuata. Anapokwama ni kwenye hatua inayofuata: kutoka kwenye vitenzi kwenda kwenye fikra. Mwanafunzi mvivu anaandika, "Je, lugha huathiri fikra?" Hilo la "je" linahamia popote, na ukilijibu ndiyo au hapana hakuna kinachotikisika kitabuni.

Mwanafunzi mzuri, ambaye naye hajaelewa hatua hiyo, anaandika hivi: ama jedwali ndilo ushahidi wenyewe, ama ni mfano tu. Kama ni ushahidi, basi mtu hufikiri mbali kadiri kitenzi chake kinavyomfikisha. Lakini Mkamba anayezungumza Kiswahili anasema "nitakuja", na kiambishi -ta- hakimwekei mpaka wa miezi wala miaka. Je, fikra yake hurefuka anapofika sokoni na kufupika anaporudi nyumbani? Kama ni mfano tu, jedwali laweza kuondolewa na hoja ikabaki imesimama kwenye nguzo nyingine, lile dai la Mbiti kwamba wakati hufanywa na matukio, na ambalo halijatokea halijawa wakati. Hapo gharama ni nyingine: dai hilo halina Ukamba wala Uafrika ndani yake, na tunabaki kuuliza kwa nini lisimhusu Mjerumani.

Mwanafunzi huyo hajui njia ipi ni sahihi, wala hatakiwi kujua. Lakini sasa semina ina kazi. Atakayemleta Kwame Gyekye, aliyempinga Mbiti mwaka 1987 kwa kutumia mifano ya Waakan wa Ghana, atalazimika kusema anampiga Mbiti kwenye njia ipi. Maneno ya Kiakan ya wakati ujao yana nguvu kwenye njia ya kwanza. Kwenye njia ya pili hayatoshi.

Karatasi iliyo bora kuliko zote nilizowahi kusoma juu ya sura hiyo iliandikwa na kijana wa huku mlimani, na ubora wake ulikuwa kwenye namna alivyouacha mfano rahisi. Mfano rahisi kwetu ni kahawa. Mche wa kahawa unataka miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa vya kutosha, kwa hiyo mzee anayepanda anatazama mbele kupita miaka miwili ya Mbiti. Kila kundi la wanafunzi kutoka Kilimanjaro huja na mfano huo, na kila mara unashangiliwa. Lakini ndani ya sura hiyo hiyo Mbiti amekwisha kujibu: anakiri kwamba mafundisho ya wamisionari, elimu ya shule na teknolojia ya kisasa vinawaletea watu wakati ujao ambao hawakuwa nao. Kahawa ililetwa mlimani na wamisionari katika karne ya 19. Ukimpinga nayo, unamthibitisha.

Kijana yule akauacha mche, akaenda kwenye mfongo. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliikuta mifongo ikipeleka maji vihambani, kwa hiyo haikuja na misheni. Mfongo huanzia juu kwenye korongo la mto, ukashikishwa ukingo wa mlima ili maji yasishuke kwa kasi, na ukoo ulioufungua huendelea kuwa na neno juu ya maji yake vizazi baada ya vizazi. Alikwenda kwa babu yake kumuuliza waliochimba walikuwa wanamfikiria nani. Babu akamjibu, "Wewe, mjukuu wangu." Mwingine angeishia hapo na kutangaza ushindi. Yeye akamuuliza tena, "Babu, walijuaje kama nitakuwepo?" Mzee akasema, "Watu huzaliwa, kama mvua inavyonyesha."

Jibu hilo la pili ndilo lililotengeneza swali lake, kwa sababu Mbiti ana mahali pa kuliweka. Mambo yanayojirudia kwa mzunguko wa asili, kama misimu na mavuno, anayaita wakati unaotarajiwa tu, si wakati wenyewe. Kijana akaandika: mjukuu wa mchimbaji ni wa upande gani? Kama ni kama mvua, Mbiti amesalimika, lakini kwa gharama kwamba karibu kila mpango wa binadamu unaweza kusukumwa kwenye mzunguko wa asili, na hakuna mfano utakaoweza kumpinga. Kama ni jambo ambalo watu waliliamua na kulitolea jasho, basi huku mlimani palikuwa na wakati ujao mrefu kabla ya misheni, na neno "karibu haupo" halisimami. Alikiri pembeni kwamba hakuelewa vizuri Mbiti anatofautishaje aina hizo mbili za wakati. Kukiri huko hakukupunguza thamani ya karatasi. Kulionyesha mahali pa kuanzia.

Henry Odera Oruka alifanya kazi ya namna hiyo hiyo Kenya tangu miaka ya 1970, alipowahoji wazee wenye hekima. Hakutosheka na mzee kueleza mila inasemaje. Aliendelea kumuuliza anaonaje yeye mwenyewe na kwa nini. Mwenye kukariri huishia kwenye swali la kwanza. Matini nayo ihojiwe hivyo.

Zamani kitabu cha Mbiti kilikuwa nakala moja kwa darasa zima. Ulipewa kwa usiku mmoja, ukanakili kwa mkono zile aya zilizokushinda, kwa kuwa zilizoeleweka zilikuwa kichwani tayari. Leo kila mtu ana fotokopi ya sura nzima na amepaka rangi kila mstari, kiasi kwamba hakuna anayejua alikwama wapi. Nakili ile aya moja kwa mkono. Mkono utasimama wenyewe pale ambapo hoja haishikani.

Ukimaliza karatasi yako, jijibu mwenyewe ndiyo, halafu hapana. Swali ambalo tayari unajua jibu lake liondoe. Hilo ni la mtihani. Ambalo halibadiliki ukilijibu hivi au vile liondoe pia. Likibaki moja tu, nenda na hilo moja, na usiongeze la pili kwa kuogopa macho ya watu.