Ijumaa haiwezekani, ila tofali 900 zinakuja kesho

Jumatatu tarehe 4 mteja anampigia simu mama mwenye kiwanda kidogo cha kufyatua tofali. Anataka tofali 2,400 za inchi 6, zote kwake ifikapo Ijumaa. Mama hajibu papo hapo. Anaomba nusu saa, kisha anauliza jambo moja: mafundi wangapi wanajenga? Wawili, kwa siku wanapanga kama 200. Jibu hilo ndilo linalobeba kila kitu kinachofuata.

Uwanjani ana tofali 900 zilizokwisha kumwagiliwa, na 700 zilizofyatuliwa Ijumaa iliyopita. Zilizobaki, 800, hazijafyatuliwa, na mashine yake inatoa 400 kwa siku. Kufyatua si tatizo. Tatizo ni siku saba za kumwagilia. Saruji hupata nguvu kwa kukutana na maji, na nguvu ya zege kwa kawaida hupimwa ikifika siku 28. Tofali likiachwa likauke juani siku ya pili hubaki bichi ndani: kingo zinamomonyoka likishikwa, na ukigonganisha mawili yanatoa mlio mzito, si wa kulia. Kuongeza saruji, kama mteja alivyopendekeza, hakufuti siku hizo.

Ujumbe wa mama ulikuwa hivi:

“Kaka, tofali zote kwa Ijumaa sitaweza, 800 zitakuwa bado mbichi na zitakuvunjikia kwenye gari. Kesho Jumanne nakuletea 900. Jumamosi tarehe 9 nakuletea 700. Zilizobaki 800 zinafika Ijumaa tarehe 15. Utalipia kila mzigo ukishushwa. Nijibu kabla ya saa kumi nianze kufyatua.”

Kukataa kumekaa mwanzoni, bila “nitajitahidi”, neno ambalo mteja hulisikia kama ndiyo. Tarehe 15 nayo haikubahatishwa. Mzigo wa mwisho unafyatuliwa tarehe 5 na 6, unamaliza kumwagiliwa tarehe 13, na siku moja imeachwa kwa ajili ya umeme kukatika. Mafundi wakianza Jumatano, 900 zinawafikisha Jumamosi na 100 zinabaki; ukijumlisha 700, wana kazi hadi Alhamisi tarehe 14 jioni. Ukiacha Jumapili ya mapumziko, hakuna siku watakayokaa bure.

Mteja aliogopa nauli ya safari tatu. Ila tofali moja la inchi 6 lisilo na tundu lina karibu kilo 30, kwa hiyo mzigo wote ni kama tani 72. Hata kwa siku moja ungepakiwa kwa safari nyingi.

Mpango huu una mpaka wake. Mteja angekuwa na mafundi wanne, tofali 900 zingeisha Ijumaa asubuhi na ujenzi ungesimama siku hiyo hiyo. Hapo mama angelazimika kumwelekeza kwa jirani mwenye tofali zilizokomaa, akapoteza sehemu ya oda.