Utomvu Kwanza, Moto Baadaye

Katika nyumba nyingi za pwani yetu mpapai husimama nyuma ya jiko, karibu na mahali yamwagwapo maji ya kuoshea vyombo, na kwa sababu hiyo papai bichi aghalabu huhesabiwa kuwa akiba ya siku ile ambayo mboga imekosekana. Mimi niliidharau akiba hiyo miaka mingi, kwa kuwa nilidhani tunda lisilo na ladha yake lenyewe halina haja ya ustadi, hata nilipomtazama bibi yangu akilipika nikatambua kwamba kazi yake ilikwisha nusu kabla hajauchochea moto.

Alianza mtini. Alilitaka papai gumu, la kijani tupu, lenye uzito wa kilo moja hivi, na hakuridhika na rangi pekee, bali alilikwaruza kwa ukucha. Utomvu ukichuruzika papo hapo, mweupe mfano wa maziwa, alilichuma, na ukitoka mwepesi kama maji aliliacha liive. Lile la sokoni lililokwisha kaa siku kadhaa huweza kukuhadaa, kwa maana utomvu wake hukauka. Hilo hujulikana likipasuliwa. Nyama nyeupe, au yenye ukijani hafifu, ndiyo ya chunguni, hata kama kokwa zimeanza kuwa nyeusi. Lakini ukiona wekundu wa machungwa kandokando ya kokwa, liweke ulile tunda, maana likipikwa litakuwa tamu na kurojeka, na mchuzi hautajijua ni mchuzi au uji.

Utomvu huo ndio adui wa mikono na ndio uliomfundisha bibi saburi. Ndani yake mna kimeng'enya kiitwacho papaini, chenye tabia ya kuvunja protini, ndiyo sababu huwasha ngozi, na jicho likiguswa nao huumia sana. Basi alijipaka mafuta ya nazi viganjani, akalichanja papai kwa ncha ya kisu kutoka kichwani hadi mkiani, michanjo sita isiyozidi unene wa ganda, akalitumbukiza katika beseni la maji kwa muda wa robo saa. Maji yalipogeuka kama ya mchele, aliyamwaga, akatia mengine, na humo ndani ya maji akamenya. Hakumenya kwa ubahili: tabaka la kijani lililo chini ya ganda alilitoa lote mpaka weupe ukatokea, kisha akalipasua, akakwangua kokwa pamoja na ule utando mwororo unaozishika, kwani humo hujificha uchungu. Vipande vya unene wa kidole alivinyunyizia chumvi, akavipumzisha kidogo, akavisuuza.

Kisha moto. Tui jepesi lilitangulia, pamoja na kitunguu, manjano, pilipili mbichi na chumvi. Lilipochemka akatia vipande, akapunguza kuni, akaviacha vitokote taratibu. Dakika kumi na tano hutosha papai changa, ishirini au zaidi kidogo lile lililokomaa, ila saa si hakimu wa mwisho: pembe za kipande sharti ziwe zimeanza kung'ara, na kijiti kipenye kwa kukataliwa kidogo tu. Hapo ndipo lilipoingia tui zito, likakorogwa bila kukoma kwa dakika chache, pasipo kuachwa lichemke kwa nguvu lisije likakatika.

Ndimu alikamua mwisho kabisa, na sababu yake niliipata kwa kosa langu. Siku moja, kwa pupa ya kutaka ukali uingie ndani, niliitia mwanzoni; nusu saa ikapita, vipande vingali vigumu kama vya muhogo usioiva, kwa maana ukali huzuia mboga kulainika, na wageni wakala wali kwa mchuzi mtupu.

Penye nyama ngumu mambo hugeuka, na yule adui huwa mtumishi. Papai lililosagwa likipakwa kwenye nyama ya mishkaki huilainisha kwa muda mfupi, lakini likizidishiwa saa nyama huwa laini juu kama iliyokwisha tafunwa, jambo ambalo mimi silipendi hata kidogo. Moto mkali humaliza nguvu hiyo; ndiyo maana vipande vilivyokwisha kuiva havisaidii kitu nyama iliyotiwa baadaye. Mama mjamzito, kwa dasturi yetu na kwa nasaha za waganga, hulikwepa papai bichi, nami sioni haja ya kubishana na hadhari hiyo.

Chakula kikiisha kuliwa, hubaki kisu chenye ulimbo mweusi usiokubali sabuni. Bibi alikipaka mafuta kwanza, akakisugua kwa kitambaa kikuukuu, ndipo akakiosha kwa majivu.