Kurasa 59 Kuwa Mbili

Makala ya Edward Miguel na Michael Kremer kuhusu minyoo ilitoka katika jarida la Econometrica mwaka 2004, kuanzia ukurasa wa 159 hadi wa 217. Ni kurasa 59, na semina yetu ilikuwa ya dakika 90. Mhadhiri aliyetuongoza, tuliyezoea kumwita Daktari, alikuwa akiingia na karatasi moja iliyochapwa pande mbili: mbele muhtasari na hoja za uhakiki, nyuma maswali ya kuchokoza mjadala. Siku moja nilimwomba nikae naye akiitengeneza. Nilidhani ni kazi ya saa moja, kumbe ilikula alasiri nzima.

Aliisoma makala mara ya kwanza bila kalamu mkononi. Mara ya pili aliruka maneno akasoma majedwali tu, akiandika pambizoni kwa penseli kila jedwali linasema nini. Kisha akaifunga makala, akaisukuma upande wa pili wa meza, akaanza kuandika muhtasari kutoka kichwani. "Nikiwa nayo mbele yangu nitanakili," alisema. "Nikiifunga, kinachobaki ndicho nilichoelewa."

Kilichobaki kilikuwa hiki. Mwaka 1998 shule 75 za msingi wilayani Busia, magharibi mwa Kenya, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, ziligawanywa katika makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilipewa dawa za minyoo na kichocho mwaka 1998 na 1999, la pili likaanza 1999, la tatu likasubiri hadi 2001. Utoro ulipungua kwa takriban robo. Hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa kuwa mayai ya minyoo yalipungua katika mazingira wanayochangia na wenzao. Alama za mitihani hazikupanda.

Sentensi hiyo ya mwisho aliiandika akiwa amenyanyua kidole. Kanuni yake ni kwamba tokeo linalowauma waandishi lazima liwe ndani ya muhtasari, wala lisisubiri sehemu ya uhakiki. Likiwekwa huko, msomaji atadhani limefichuliwa na mhakiki, ilhali waandishi walilitangaza wenyewe.

Kisha akarudi kwenye vitenzi, na hapo ndipo nilipoanza kumwonea wivu. Rasimu yake ilisema waandishi "wanadai" utoro ulipungua. Akalifuta. Kwa Kiswahili, alisema, anayedai keshapandishwa kizimbani. Akaandika "wamethibitisha", akalifuta nalo, maana lililothibitishwa halijadiliwi tena. Akatulia kwenye "wanakadiria". Neno moja lilimchukua dakika tano, na sioni kama alipoteza muda.

Hoja za uhakiki alizianza kwa orodha ndefu, karibu kumi na tano, akazipunguza hadi nne. Kila hoja aliiuliza swali moja: ikiwa ni kweli, inabadilisha nini katika matokeo? Isiyobadilisha kitu ilitoka, hata kama ni ya kweli. Ya kwanza iliyosalia ni mgawanyo wa shule. Haukufanywa kwa kura. Shule ziliorodheshwa kwa alfabeti, zikahesabiwa moja, mbili, tatu, kila ya tatu ikaangukia kundi lake. Je, alfabeti ina upendeleo? Pengine haina, lakini mwanafunzi anapaswa kueleza kwa nini haina. Ya pili ni kwamba shule zilizopata dawa zilipata pia mafunzo ya afya: kunawa mikono, kuvaa viatu, kutoingia majini ovyo. Ya tatu, hapakuwa na kidonge bandia, kwa hiyo walimu na wazazi walijua nani anatibiwa.

Ya nne ndiyo maarufu. Watafiti wengine walipewa data na programu ya kompyuta na waandishi wenyewe, wakairudia kazi yote, na mwaka 2015 wakachapisha walichokikuta. Programu ilipokuwa ikihesabu shule za jirani ilihesabu 12 zilizo karibu tu, nyingine ikaziacha. Ilipotengenezwa, faida iliyokadiriwa kwa shule zilizo umbali wa kati ya kilomita 3 na 6 haikusimama tena. Faida ya ndani ya shule ilibaki.

Niliuliza kwa nini hoja nzito hivyo aiweke mwisho. Akacheka. Mwaka mmoja aliitanguliza, na darasa zima likatumia saa nzima kulisema kosa la programu, kila mmoja akiwa hakimu, bila mtu kugusa wazo lenyewe la makala. Kosa la kompyuta halihitaji kufikiri sana, ukiambiwa lipo unalikubali na kufurahi. Tangu hapo hulitoa wakati darasa limeshaielewa hoja inayojeruhiwa.

Maswali ndiyo yaliyomtoa jasho. "Je, mnakubaliana na waandishi?" hulichukia kabisa, kwa kuwa linajibika na mtu ambaye hakusoma. Kipimo chake ni kwamba swali lisijibike bila kufungua makala, na lisiwe na jibu moja. Swali la kwanza alilitengeneza kwa hesabu ya kubuni. Watoto wawili wanaketi dawati moja, na kila mmoja huhudhuria siku 70 katika 100. Mmoja anapewa dawa, mwenzake hapewi. Baadaye aliyetibiwa anahudhuria siku 80, na mwenzake 76. Ukiwalinganisha wao kwa wao, utasema dawa imeleta siku ngapi?

Jibu la haraka ni 4. Lakini aliyetibiwa ameongeza siku 10, na jirani yake 6 bila kumeza kitu. Siku hizo 6 zimeingia upande wa ulinganisho na kumeza zaidi ya nusu ya faida. Mwanafunzi akilifikia hilo kwa vidole vyake, anaelewa mwenyewe kwa nini Miguel na Kremer walizigawa shule na si watoto, na kwa nini walizitilia shaka tafiti za awali zilizowagawa watoto ndani ya shule moja. Hapo ndipo swali la pili linapouliza: kwa hiyo ni shule ipi isiyonufaika kabisa, ambayo ingefaa kuwa kipimo?

Chini ya kila swali aliandika kwa herufi ndogo mambo mawili, dakika zake na swali la akiba la kuokoa ukimya. Kwa swali la madawati alitenga dakika 20, na akiba yake ilikuwa: "Watoto hawa wanatumia choo kimoja. Fuatilia yai la mnyoo." Mimi ningeongeza maswali hadi kumi. Yeye aliweka manne, na kwa maoni yangu alikuwa sahihi, kwani nimewahi kukaa katika semina ya maswali kumi tukaruka kutoka moja hadi jingine kama mtu anayewahi basi.

Kipande cha chini cha ukurasa wa pili alikiacha kitupu. Baada ya semina aliandika humo kilichotokea: swali la kwanza lilichukua dakika 35, la pili lilijijibu lenyewe, la tatu, kuhusu mafunzo ya afya, halikumsisimua mtu, ukimya ukatanda hata baada ya akiba. Akalipigia mstari mwekundu. Nilipoona mwongozo wa mwaka uliofuata, nafasi ya tatu ilikuwa na swali jingine: kama shule ingepewa mafunzo bila dawa, ungetarajia kuona nini katika jedwali la utoro?