Kotesheni ya Rangi Huanzia Kwenye Bomba

Karatasi mbaya ya kuombea kotesheni huwa naitambua kwa mstari mmoja: "Kupaka rangi jengo zima na kurekebisha mabomba." Fundi wa kwanza atadhani ni kuta za nje tu, wa pili ataongeza ngazi na varanda, wa tatu atatia na dari. Bei tatu zikirudi, mnalinganisha kazi tatu tofauti, na aliyefikiria kidogo ndiye ataonekana nafuu.

Iliyo nzuri imeshapimwa kabla ya kutoka. Chukua jengo la mfano la fleti 12 upande wa Raskazone, hapa Tanga: urefu mita 24, upana 10, kimo 9. Ukilizunguka unapata mita 68, na mara kimo ni mita za mraba 612. Toa madirisha na milango, tuseme 87, zinabaki 525. Namba hiyo iandikwe kwenye karatasi, na kila mwombaji aweke bei yake kwa mita ya mraba. Akidai umekosea, apime mbele yako siku ya kutembelea jengo, ambayo iwe moja kwa wote.

Namba hiyo hiyo ndiyo itakayomfichua mjanja. Kwa lipu yenye chengachenga mimi nahesabu lita moja ya rangi ya nje kwa mita za mraba 8. Mikono miwili juu ya 525 ni mita za mraba 1,050, yaani lita 131 hivi, au ndoo saba za lita 20. Kotesheni ikija na ndoo nne, ama utapakwa mkono mmoja, ama maji ya bomba ndiyo yatakayojaza pengo. Kwa hiyo karatasi imtake kila mmoja aandike aina ya rangi na idadi ya ndoo, na ndoo zifunguliwe hapo jengoni, msimamizi akiona.

Kisha naangalia maandalizi, maana pwani rangi hufia chini, si juu. Upepo wa kusi huleta chumvi, ikakaa ukutani kama unga. Pitisha kiganja kwenye ukuta unaotazama bahari: kikitoka cheupe, rangi mpya haitashika hapo. Karatasi iseme kukwangua rangi iliyolegea, kupiga brashi ya waya, kuosha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kutibu kuvu, kuacha ukauke, kisha praima. Iseme pia nani analeta jukwaa la mirunda. Hili likisahauliwa, hurudi baadaye kama "gharama za ziada", na wakati huo fundi keshaingia.

Ila kipimo changu kikubwa ni mpangilio: bomba litangulie. Nimeona ukuta uliopakwa vizuri ukivimba malengelenge mwezi wa pili, kwa sababu bafu la fleti ya juu lilikuwa likivuja polepole nyuma ya vigae. Kabla ya kuandika lolote, funga koki zote jioni, soma mita ya maji, subiri saa moja usome tena. Mita ikisogea, kuna uvujaji baada yake. Kwa choo, tia rangi ya chakula kwenye tanki la kuflashi. Ikitokea kwenye bakuli bila mtu kuvuta, washa imechoka.

Matokeo yaandikwe fleti kwa fleti: "Fleti namba 5, sinki la jikoni, badilisha koki ya nusu inchi, ya shaba." Yaliyojificha ukutani hayahesabiki, basi omba bei ya kimoja kimoja: kubomoa na kuziba mita moja ya ukuta, kiwiko kimoja, valvu moja. Na palipolowa pasiguswe na rangi mpaka pakauke, hata ikichukua wiki kadhaa.

Kama fleti zina wamiliki mbalimbali, bomba la pamoja na koki ya jikoni kwa mtu visikae kwenye jumla moja. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inatenganisha sehemu ya mtu na eneo la pamoja, na ugomvi wa nani alipe huanzia hapohapo.

Malipo nayasoma haraka: bei iseme kama VAT ya asilimia 18 imo au haimo, na asilimia 10 ibaki mikononi mwenu miezi sita. Usikubali muda unaokwisha kabla ya masika, kwani ukuta huonyesha siri zake mvua za Machi hadi Mei zikiupiga. Ombi litoke Novemba, bomba lishughulikiwe Desemba, rangi ipakwe Januari na Februari wakati wa kaskazi. Anayekuletea karatasi hii mwezi Machi, mwambie ashughulikie mabomba tu; rangi isubiri.